Kufuta aplikasio si kukata abonema: anayekula makuta aonyeshe mlango wa kutokea

Ndugu zetu wa Sange, wazazi, na vijana wenzetu kutoka Luberizi mpaka Uvira,

Leo tunasema juu ya dola 34 na senti 93. Kuna watu ambao kwao hizo ni makuta kidogo. Kwa familia moja ya hapa kwetu, zilitosha kuwafanya yaya na dada yake wasisemezane miezi miwili.

Dada huyo ni mmoja wetu. Anasoma uuguzi na alitaka kujua Kiingereza, basi aliingiza kwenye telefone aplikasio moja ya masomo. Iliahidi siku 7 za bure, na kisha abonema ya dola 4.99 kila mwezi. Karte ya banki ilikuwa ya yaya yake anayefanya kazi Nairobi. Alipokuja kusalimia nyumbani kwa Noeli, aliiweka kwenye Play Store ya dada ili amlipie kitabu kimoja. Siku ya tano dada aliona masomo hayamfai. Akaifuta aplikasio, akajua imekwisha.

Haikuisha. Miezi 7 ilipita na kila mwezi karte ilikatwa. Yaya akapiga simu kwa hasira: "Nilikuwekea karte juu ya masomo, na wewe unaigeuza mufuko yako?" Dada akalia: "Yaya, ile kitu nilishaifuta, lakini bado banakata!" Wote wawili walisema kweli. Njo hapo ubaya wa huu mpango unaonekana.

Abonema haikai ndani ya aplikasio. Ukilipia kupitia duka la telefone, yaani Play Store kwa Android au App Store kwa iPhone, unayepatana naye juu ya malipo ni lile duka, na mapatano yanaandikwa kwenye akaunti yako ya duka. Ukifuta aplikasio, umeondoa picha tu. Ukitoa kadi ya simu, au ukiuza telefone yenyewe, akaunti iko palepale na karte inaendelea kukatwa.

Dada aliwaandikia wenye aplikasio. Wakajibu kwamba hawana karte yake, aende alipolipia. Aliingia kwenye ukurasa wao, na sehemu ya akaunti yake ilisema tu kwamba amelipia kupitia duka. Hapakuwa na kitufe cha kukata, wala kiungo cha kumpeleka fasi ya kukatia.

Hapa tunasema wazi: hilo jibu hatulikubali. Tarehe 1 Januari 2022, Google ilianza kuchukua asilimia 15 ya abonema zinazolipwa kupitia Play Store. Apple inachukua kwa kawaida asilimia 30 mwaka wa kwanza, kisha 15. Kwa hiyo, kwa kila dola ya dada yetu, karibu senti 85 zilikwenda kwa wenye aplikasio. Mutu anayepokea senti 85 kwenye kila dola hawezi kutuambia malipo hayamhusu. Zaidi ya hapo, sheria za Play Store zenyewe zinawalazimisha wanaouza abonema waeleze wazi namna ya kuikata, na waweke ndani ya aplikasio njia rahisi ya kufanya hivyo. Kiungo kimoja kinatosha. Kulipa kulichukua kugusa mara mbili. Kwa nini kutoka kuwe safari?

Aliyetuonyesha njia ni yaya mwenyewe, bila kujua. Alituma picha ya karatasi ya banki. Kila mstari wa malipo ulianza na GOOGLE * na nyuma yake jina la mwenye aplikasio. Hiyo njo alama. Ukiona GOOGLE *, tafuta ndani ya Play Store. Ukiona APPLE.COM/BILL, tafuta kwenye akaunti ya Apple. Ukiona jina la kampuni peke yake, huenda ulilipa kwao moja kwa moja, na kwao njo unakatia.

Tukakaa naye na telefone yake, ambayo iko kwa Kifaransa kama nyingi za hapa. Tulifungua Play Store, tukagusa picha ya akaunti juu upande wa kuume, kisha "Paiements et abonnements", kisha "Abonnements". Orodha ilikuwa tupu.

Watu wengi wanaachia hapo. Wanafikiri duka linadanganya, ao abonema haiko. Lakini telefone moja inaweza kuwa na akaunti mbili za Gmail, na kila akaunti ina orodha yake. Hii ya dada ilikuwa na ile aliyoifungua yeye mwenyewe kwa ajili ya shule, na nyingine iliyofunguliwa na kijana aliyemuuzia telefone sokoni. Karte iliwekwa kwenye ile ya muuzaji. Tulirudi kwenye picha ya akaunti, tukagusa kimshale kilicho pembeni ya jina, tukachagua akaunti ya pili na kuanza upya. Abonema ikaonekana, na tarehe ya kukatwa tena: zilibaki siku nne. Tukaifungua, tukafuata kitufe cha kuikata mpaka mwisho, na barua ya kuthibitisha ikaingia kwenye Gmail ile ile. Bila hiyo barua, usihesabu kwamba imekatika.

Kwa mwenye iPhone: fungua "Réglages", gusa jina lako juu kabisa, kisha "Abonnements". Asiye na telefone yake tena atumie ya rafiki, afungue play.google.com/store/account/subscriptions na kuingia kwa akaunti yake mwenyewe, kisha asisahau kutoka.

Kukata hakurudishi makuta yaliyokwisha kwenda. Kunazuia yanayofuata tu, na huduma inaendelea mpaka mwisho wa siku zilizolipiwa. Kurudishiwa kunaombwa kando, na Google inapokea maombi hasa ndani ya saa 48 baada ya malipo. Baada ya hapo wanakutuma kwa wenye aplikasio. Dada aliwaandikia tena. Mpaka leo hawajajibu.

Tuseme na ya kwetu pia. Wauzaji wa telefone wa Sange, tunawaheshimu, ni ndugu zetu. Lakini mnapomfungulia mama akaunti ya Gmail, mnaandika neno la siri lenu na kulibakiza kichwani mwenu, mnamfungia mlango ambao siku moja atautafuta. Kama telefone ya dada yetu ingeibiwa, tusingeweza kuingia kwenye ile akaunti, na yaya angebaki na njia moja tu: kufunga karte yake banki.

Kwa hiyo tunadai mambo mawili. Wenye aplikasio waweke fasi ya kukatia pale pale walipoweka fasi ya kulipia. Na kila anayeuza telefone hapa Sange amwandikie mnunuzi, kwenye karatasi, anwani ya Gmail na neno la siri, kisha amwonyeshe namna ya kulibadilisha kabla hajaondoka dukani. Tutapita duka kwa duka kuuliza.

Na wewe unayesoma, fungua orodha leo, kwenye kila akaunti iliyo ndani ya telefone yako. Ukianza siku za bure za Play Store, kata siku ile ile: utaendelea kutumia mpaka ziishe, na hautakatwa hata senti.

Yaya na dada wanasemezana tena. Dola 34 na senti 93 hazijarudi, nasi hatujanyamaza.

Sisi vijana wa Sange