Dakika arobaini kabla ya simu ya kwanza

Zamu yako inaanza saa kumi jioni. Saa kumi kasoro dakika tano ndio unafungua lapi, nayo inakwambia inasakinisha mabadiliko, asilimia nane, usizime. Kule New York ni saa tatu asubuhi, mteja ameshapiga, na mfumo umeshakuandika kuwa hukuwepo. Usianze kujitetea. Wengi wetu hapa Malindi tulioingia kazi za kupokea simu mtandaoni baada ya hoteli kufungwa msimu wa mvua tumepitia hapo.

Tatizo si kwamba hatujiandai. Tunajiandaa kinyumenyume. Mtu anaanza na hedseti kwa sababu ni rahisi, halafu intaneti, na stima anaikumbuka mwisho. Ilhali hedseti ikikataa unaitengeneza kwa dakika mbili, intaneti ikikataa utahitaji robo saa, na betri tupu hairekebishiki kwa chini ya saa nzima. Kinachochukua muda mrefu kutengenezwa ndicho cha kukagua kwanza. Chaji tangu mchana, kisha dakika arobaini kabla ya zamu iwashe mashine na uiache imalize mambo yake ya mabadiliko.

Sasa hiyo betri. Ile alama ya asilimia 100 pale chini haikwambii betri ni kubwa kiasi gani, inakwambia tu kuwa imejaa. Kikombe kikijaa kimejaa, na ndoo ikijaa imejaa. Kama lapi yako ni ya mtumba, na zetu nyingi ni za mtumba, fungua Command Prompt uandike hivi:

```
powercfg /batteryreport
```

Itakuonyesha mahali ilipohifadhi ripoti. Ifungue utafute mistari miwili, DESIGN CAPACITY na FULL CHARGE CAPACITY. Ya kwanza ni ukubwa wa betri ilipotoka kiwandani, ya pili ni kilichobaki. Yangu ilisoma 41,000 mWh na 20,500 mWh. Yaani nusu. Nilikuwa najigamba kuwa stima ikipotea nina saa tatu, kumbe nina moja na kitu. Njia ya kuhakikisha ni moja: chomoa chaja dakika kumi huku kila kitu cha kazi kikiwa wazi, uone asilimia inashuka kwa kasi gani. Ikishuka kumi kwa dakika hizo kumi, unajua umesimama wapi.

Halafu kuna kitu ambacho watu husahau hadi siku giza linapoingia. Stima ikipotea, lapi inabaki hai lakini rauta inakufa. Kwa hiyo simu yako ndiyo itakayokubeba, na simu inayogawa intaneti inamaliza chaji haraka na kupata moto, hasa huku kwetu wakati wa kaskazi. Ijaze hadi juu, na iweke penye upepo, si juu ya godoro. Tokeni za stima pia ziangalie kwenye mita mchana, sio saa mbili usiku mita inapoanza kulia.

Tuje kwa hedseti. Kumsikia mtu hakumaanishi anakusikia kupitia hedseti. Mara nyingi sauti inaingia masikioni sawasawa, lakini maiki inayofanya kazi ni ile ndogo ya lapi yenyewe, na mteja anasikia feni, tuktuk na jogoo wa jirani. Jipime hivi: anza kurekodi, kisha gusa maiki ya hedseti kwa ukucha mara tatu. Sikiliza ulichorekodi. Ukisikia mgongano mkubwa, maiki ni sahihi. Ukisikia mgongano kwa mbali au usisikie kabisa, ingia kwenye mipangilio ya sauti na uchague hedseti upande wa kuingiza sauti, halafu fanya vivyo hivyo ndani ya programu ya kazi, kwa sababu nayo ina chaguo lake.

Hedseti ya waya ni bora kwa kazi hii. Ile isiyo na waya, maiki yake ikiwashwa, mara nyingi sauti hushuka ubora, na ni betri nyingine ya kuwaza. Lakini ukiwa karibu na bahari, tundu na ncha ya waya huota kutu kwa hewa ya chumvi. Ukisikia mikwaruzo unapozungusha ncha, ipanguse kwa kitambaa kikavu kabla hujailaumu kompyuta. Na feni, kwa joto hili, usiizime. Iache ipulize mgongo wako, na maiki uisogeze pembeni ya mdomo.

Kwenye intaneti ndiko tunakodanganywa na tarakimu. Unapima kasi, unaona Mbps 18, unatulia. Simu ya sauti haili hata Mbps moja. Kinachoiua ni vipande vya sauti kupotea njiani au kufika vimepishana. Pima hivi:

```
ping -n 50 8.8.8.8
```

Itakuchukua kama dakika moja. Jioni moja yangu ilileta hii:

```
Packets: Sent = 50, Received = 48, Lost = 2 (4% loss)
Minimum = 38ms, Maximum = 412ms, Average = 96ms
```

Wastani unapendeza. Lakini vipande viwili kati ya hamsini vimepotea, na kuna kimoja kilichochukua mara kumi zaidi ya mwenzake. Hiyo ndiyo simu ambayo mteja anasema "sikupati, rudia" kila sentensi ya tatu. Nilisogea karibu na rauta nikapima tena. Waliopotea wakawa sifuri, na cha juu kabisa 71. Kumbe ukuta tu. Ukisogea na hali isibadilike, zima waifai upime kwa bando la simu. Fanya hivyo hata kama waifai iko sawa, kwa sababu njia ya pili ambayo hujaijaribu leo huna hakika nayo. Na angalia bando linaisha saa ngapi: la saa 24 ulilonunua jana saa kumi na moja litakata leo katikati ya simu.

Kipimo hiki kina mpaka. Kinakagua zaidi njia ya kutoka nyumbani kwako, si safari yote hadi Marekani. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ilizorota Afrika Mashariki nzima, na hakuna maandalizi ya chumbani yangeiokoa. Siku kama hiyo unachoweza ni kupiga picha ya skrini na kumwarifu msimamizi mapema, kabla ya saa kumi, ili usiandikwe mtoro.

Na hapa niseme langu. Dakika hizi arobaini ni kazi, na wengi wetu hatulipwi hata moja. Mwaka 2021 mahakama ya rufaa huko Marekani, katika kesi dhidi ya Nelnet, iliamua kuwa muda ambao wahudumu wa simu walitumia kuwasha kompyuta na kufungua programu ni wa kulipwa, ingawa ulikuwa dakika chache tu kwa zamu. Wale walikuwa waajiriwa. Wewe labda umeandikwa mkandarasi, na uamuzi huo haukufiki hapo Maweni. Lakini kabla hujatia sahihi mkataba unaofuata, uliza saa yao inaanza kuhesabu wapi: unapoingia kwenye mfumo, au simu ya kwanza inapolia.

Na Novemba ikifika, Wamarekani wakirudisha saa zao nyuma, zamu yako ya saa kumi itahamia saa kumi na moja. Panga chaji upya.