Usizime apu nzima, soma kwanza majina ya chaneli

Weka simu yako Kiswahili kisha ujaribu kunyamazisha apu inayokusumbua. Mwanzoni mambo ni poa: Mipangilio, kisha Arifa. Ukiingia kwenye apu yenyewe, ghafla unakutana na Kizungu: Orders, Promotions, Updates. Hapo wengi wetu huchoka, tunazima kila kitu na kutoka. Naona hapo ndipo tunajichoma.

Maneno ya juu ni ya Android, na Android imetafsiriwa. Hayo ya chini ni majina ya chaneli, yaani mafungu ya arifa, na huandikwa na wenye apu. Wasipotafsiri, Kiswahili chako hakifiki huko.

Sasa chukua jamaa anayepeleka chakula kwa boda. Apu inamtumia oda, na pia inamtumia ofa za kila aina kuanzia asubuhi. Akizima apu nzima, amezima ofa pamoja na kazi. Afanye hivi: ofa ikiingia, aibonyeze na kuishikilia bila kuifungua. Simu itamwonyesha hiyo arifa imetoka chaneli gani, tuseme Promotions, na ataweza kuiweka Kimya au kuizima kabisa. Orders anaiacha ilie. (Kwenye baadhi ya Samsung mpya orodha ya chaneli imefichwa, lazima kwanza uiwashe kwenye mipangilio ya kina ya arifa. Kwa nini, sijui bana.)

Chaneli zilikuja na Android 8, mwaka wa 2017, na zina kanuni moja tamu: ukishainyamazisha chaneli, apu haiwezi kuirudishia sauti yenyewe. Inachoweza ni kuunda chaneli mpya. Kwa hivyo kelele zikirudi baada ya apu kusasishwa, rudi kwenye orodha utafute jina geni.

Usiku ni kazi ya Usinisumbue, ambayo hunyamazisha simu yote isipokuwa wale uliowaruhusu. Ingia sehemu ya watu, uruhusu simu za wale uliowatia nyota kwenye anwani zako, mathe akiwa wa kwanza. Kuna pia mpangilio wa wanaopiga tena: mtu yeyote akikupigia mara ya pili ndani ya dakika 15, simu italia. Huo uache umewashwa. Mtu aliye na dharura hupiga tena, na huenda anatumia namba usiyoijua.

Ila kuna apu ambazo hazikupi nafasi. Unafungua orodha na kukuta chaneli moja tu, mara nyingi imeitwa Miscellaneous, ambamo risiti yako na matangazo yao vimerundikwa pamoja. Ukizima moja umezima yote. Angalia basi ndani ya mipangilio ya apu yenyewe kama kuna swichi ya matangazo. Ikikosekana, mimi hiyo apu naifuta.