Usifute mishale ya Pasi

Wasee wa Plateau mnajua vile inaenda. Ukishajulikana kanisani kuwa una laptopu, Ijumaa jioni unaletewa daftari: "Kijana wangu, nitaipie haya mahubiri." Wengi wetu tunataipu vichwa na mistari ya Biblia, mishale tunaiacha. Eti ni uchafu wa kalamu.

Mimi nasema mshale ndio mahubiri yenyewe. Mistari kila mtu anayo kwa simu. Kile hana ni vile Pasi ameiunganisha.

Chukua somo la wasiwasi. Pasi ameandika "Nyenyekea, 1 Pet 5:6". Chini yake kuna "Mtwike fadhaa, 5:7", na mshale katikati. Ukitaipu hizo kama pointi ya kwanza na ya pili, umezifanya kazi mbili tofauti: leo nyenyekea, kesho peleka wasiwasi. Lakini fungua Biblia ya Union Version uone aya ya 7 inaanza na neno gani: "huku". Ni sentensi moja. Kumwachia Mungu mzigo ndiyo njia ya kunyenyekea, na anayeng'ang'ana nao peke yake bado anajiona anaweza. Huo mshale ulikuwa unasema "huku". Kwa hivyo taipu neno, si mchoro:

```
2. NYENYEKEA (1 Pet 5:6)
   HUKU: ukimtwika fadhaa (1 Pet 5:7)
```

Mshale mwingine utamaanisha "kwa sababu", mwingine "matokeo yake", mwingine "rudi pointi ya 1". Usikisie. Weka kidole kwa kila mshale umuulize, "Pasi, hapa ulimaanisha nini?" Ni dakika tano tu.

Kuna wenye watasema, si ubonyeze tu `-->` kwa Word, inageuka mshale mzuri. Sawa, lakini mara nyingi huo mshale hutoka kwa fonti ya Wingdings. Ukiunakili kwa WhatsApp, unaweza kugeuka `à`. Na ile mishale ya kuchora huhama ukifungua faili kwa simu. Pasi yuko mimbarini, mshale unaelekeza kwa matangazo. Neno halihami.

Jambo la mwisho ni vifupisho. Kwa mwandiko wa haraka, Flp na Flm zinafanana kabisa. Ukisoma "Flm 4:6", simama hapo: Filemoni ina sura moja tu, kwa hivyo hiyo ni Wafilipi. Yoh nayo angalia kama kuna 1 ndogo mbele, maana Yohana 4:18 ni mwanamke wa Samaria na waume zake watano, na 1 Yohana 4:18 ni upendo kufukuza hofu. Hebu fikiria kusanyiko likifunguliwa ile ya kwanza kwa somo la wasiwasi.

Kwa hivyo fungua kila andiko kabla hujamtumia Pasi faili. Kama aya haiingiani na kichwa chake, kuna kitu umesoma vibaya.