Cheti cha Maabara: Herufi Kabla ya Milimita

Tuchukue cheti cha kuotesha mkojo wa mama anayeungua akienda haja ndogo. Kijidudu kilichoota ni E. koli. Ampisilini imepewa R, yaani kijidudu kimeishinda. Siprofloksasini imeandikiwa milimita 22, nitrofurantoini 19. Wengi wetu hukimbilia 22 kwa kuwa ndiyo kubwa.

Sivyo. Milimita hizo ni upana wa duara lisiloota kitu kuzunguka kikaratasi chenye dawa, na kila dawa husambaa kwa namna yake. Hivyo kila moja ina kipimo chake. Kwa vipimo vya Kimarekani, ambavyo maabara nyingi huvifuata, siprofloksasini hupata S, yaani inafaa, kuanzia 26, na nitrofurantoini kuanzia 17. Ndiyo maana 22 imepewa I, yaani ya katikati, na 19 ikapewa S.

Hata hiyo S ina mpaka. Nitrofurantoini hukusanyika katika mkojo, si katika damu. Mama huyo akipandwa na homa na kuumwa ubavuni, huenda figo zimeshaguswa, na daktari atatafuta dawa nyingine, ijapokuwa cheti ni kilekile.