Trela yako isiuze mwisho wa mtu

Wasee, msimu wa 2 wa podikasti yangu unatoka Ijumaa, na trela yake nimeiandika mara mbili. Ile ya kwanza ilikuwa tamu. Karibu kila mtu niliyemchezea alisema imemgonga. Aliyeikataa alikuwa mmoja tu, na kumbe huyo ndiye nilifaa kumsikiza kabla ya wengine wote.

Msimu una sehemu 6 na unahusu Taj Mall. Kama umekulia Fedha, Tassia ama Pipeline, sina haja ya kukuchorea ramani. Ni lile jengo lililokuwa pale Outer Ring Road inapokutana na North Airport Road. Baadaye lilibadilishwa jina likaitwa Airgate Centre, lakini mtaani tuliendelea kuliita Taj. Jumamosi ya Septemba 8, 2018, tingatinga zikaliangusha. Mimi nilikuwa bado mtoto wa shule ya msingi. Msimu unamfuata mama mmoja jirani yetu aliyekuwa na duka la vitambaa mle ndani.

Trela ya kwanza niliifungua na klipu ya huyo mama akilia. Niliitoa sehemu ya 6, dakika ya mwisho kabisa. Alikuwa anasema sentensi moja fupi, na siwezi kukuandikia hapa, kwa sababu hiyo sentensi ndiyo mwisho wa msimu. Nikampelekea simu asikize, nikingoja anisifu. Akasikiza mara mbili, akavua earphone, akaniambia, "Kijana wangu, umeanza na machozi yangu. Hawa watu hata hawanijui."

Niliudhika, sitadanganya. Nilidropu chuo mwaka wa pili ndio nifanye hii kazi, na hapa naambiwa klipu yangu kali kuliko zote itoke. Lakini nilipolala juu yake nikaona mama ako sawa. Ukianza na kilio cha mwisho, hata huyo mama unamgeuza chambo. Msikilizaji anajua analia kabla ya kujua anapenda nini na anachekeshwa na nini. Halafu sehemu 5 zote zinazofuata anangoja tu kilio kifike.

Kuna kitu wengi tunachanganya. Tunadhani mwisho ni tukio, kwa hivyo tunaficha tukio. Lakini Taj ilianguka, na kila mtu Eastlands anajua. Nikiificha nitaonekana mjinga. Angalia Until Everyone Is Free, ile podikasti ya Sheng kuhusu Pio Gama Pinto. Pinto alipigwa risasi nje ya nyumba yake Westlands, Februari 24, 1965. Hiyo si siri, ni historia. Na bado watu wanasikiza, kwa sababu kujua kwamba mtu aliuawa hakukuambii alikuwa nani, alitaka nini, wala kifo chake kinatuhusu vipi leo. Tukio unaweza kulisema wazi hata sekunde ya kwanza. Kile unachofaa kuficha ni jibu la swali ambalo tukio limeacha.

Kwa hivyo mara ya pili nilianza upya. Kabla ya kuandika neno lolote la trela, niliandika mwisho wa msimu kwa sentensi moja kwenye karatasi, nikaibandika ukutani. Hakuna neno zito la hiyo sentensi lingeruhusiwa kuingia kwa trela. Pia nikajipa sheria kwamba klipu zote zitoke sehemu ya 1 hadi ya 3. Ukianza kuchota za mwisho unajidanganya kwamba hakuna atakayeunganisha. Ataunganisha, wasikilizaji si wajinga.

Halafu kuna maneno madogo, na hapa Kiswahili kitakuuza kama hauko makini. Ukisema "mama alikuwa mcheshi", msikilizaji tayari amemzika. Sema "ni mcheshi", ama muache acheke mwenyewe kwa klipu. Ukisema "wakati huo bado walikuwa marafiki", hilo "bado" limeshatangaza ugomvi unaokuja. Lakini lugha hiyo hiyo pia inakusaidia. "A-" haisemi kama ni mwanamume au mwanamke, ni kijana au mzee. Ukisema "mtu alibaki na picha", umesema ukweli mtupu na bado hatujui ni nani. Mwandishi wa Kiingereza huko atahangaika kuchagua kati ya mwanamume na mwanamke. Sisi tumepewa bure.

Trela yangu ni dakika moja na nusu. Nikisoma bila kukimbia, dakika yangu moja inabeba maneno 100 hivi. Nikitoa sekunde 40 za klipu na ukimya, nabaki na nafasi ya maneno 80, na sitaki kuijaza yote. Hii ndiyo niliyorekodi, saa nane usiku ndani ya kabati la nguo, kati ya ndege moja na nyingine:

"Taj Mall ilianguka Septemba 2018. Hiyo unajua. Ghorofa ya kwanza kulikuwa na duka la vitambaa. Mwenyewe alitoa kila kitu mapema: marobota, cherehani, hadi pazia la mlangoni. Duka halipo. Mlango haupo. Lakini hapa Fedha, kwenye droo ya jikoni, kuna ufunguo wake, na kila Jumamosi mtu huupaka mafuta usishike kutu. Kuna siku nilimuuliza ni wa nini. Akanyamaza. Halafu akaniambia niketi."

Ni maneno 58. Angalia pale nimesema "mtu". Sijasema ni mama.

Nikaijaribu kwa watu 3 ambao hawajui hadithi. Sikuwauliza kama ni kali, kwa sababu rafiki atakwambia ni kali hata kama amelala. Niliwauliza, "Unadhani ufunguo ni wa nini?" Kama wote 3 wangetaja jibu la kweli, nimefichua. Kama wote wangesema hawajui na hawajali, nimeficha sana hadi hakuna cha kushika. Mmoja alisema ni kesi kortini. Mwingine akasema ni mapenzi. Wa tatu akasema mama ana pesa amezika mahali. Majibu matatu, yote yamekosea, na kila mmoja alitaka kubishania lake. Nikajua imefika.

Kuna mtego mmoja umebaki. Huyo wa pesa aliniambia, "Weka kamuziki ka polisi hapo, watu waingie." Kweli wangeingia. Lakini msimu wangu hauna polisi wala pesa iliyozikwa, na mtu aliyeahidiwa uhalifu akakuta vitambaa atatoka sehemu ya 1 akijua nimemcheza. Kuficha jibu ni haki yangu. Kuahidi hadithi ambayo sina ni uongo, na msimu wa 3 hatakuja.

Jana nilimrudishia mama simu. Akasikiza hadi pale "akaniambia niketi", akacheka kidogo, akauliza, "Na wakikuuliza ufunguo ni wa nini?" Nikamwambia nitawaambia waketi.