Video yako ikiibwa ripoti, wazo likiigwa subiri kwanza

Tuseme kila Jumamosi unamhoji mkulima shambani kwake na kuweka video YouTube. Siku moja unakuta chaneli nyingine imepandisha video yako ileile. Huo ni ukiukaji wa hakimiliki. Nakili kiungo cha video yako na cha ile iliyoibwa, kisha jaza fomu ya YouTube ya kuomba iondolewe. Andika jina lako halisi, ukijua kwamba aliyeiba anaweza kuliona.

Unaweza kumpa siku 7 aiondoe mwenyewe. Asipoiondoa, chaneli yake hupata onyo, na maonyo 3 ndani ya siku 90 yanaweza kuifungisha. Akipinga rasmi, una siku 10 za kazi kuthibitisha kuwa umechukua hatua ya kisheria, la sivyo video inaweza kurudishwa.

Lakini chaneli hiyo ikianza kuhoji wakulima kwa kamera yake, huna cha kudai. Hakimiliki hulinda kazi uliyorekodi, hailindi wazo. Ukiripoti uongo, akaunti yako ndiyo inayoweza kufungiwa. Wakitumia jina na nembo yako ili watazamaji wadhani ni wewe, hapo ripoti kuwa wanajifanya wewe.