Meninjiti: kutoboa mgongo kwanza ao dawa kwanza?

Tarehe 8 mwezi wa tisa mwaka 2021, serikali ya Kongo ilitangaza mlipuko wa meninjiti katika eneo la afya la Banalia, jimbo la Tshopo. Siku ile watu 261 walikuwa wamehesabiwa kuwa wagonjwa, na 129 kati yao walikuwa wamekwisha kufa. Ni kusema nusu. Vipimo vya Taasisi ya Pasteur ya Paris vilionyesha kijidudu kinachoitwa meningokoke.

Miezi iliyofuata, hesabu ya wagonjwa ilipita 2,500, lakini vifo havikufika hata mmoja kwa kila wagonjwa kumi. Sehemu ya tofauti hiyo inatoka ku hesabu yenyewe: mwanzoni wanaonekana wagonjwa wazito tu, nyuma hata wale wepesi wanaandikwa. Lakini kuko pia sababu ingine: dawa ilianza kufika karibu na mgonjwa, na kutolewa bila kungojea.

Hapo ndipo swali ambalo wauguzi wa vijijini wanakutana nalo hata leo. Kitabu kinasema toa maji ya mgongo kwanza, kisha dawa. Lakini kama kipimo hicho kinafanyiwa ku hospitali kuu tu, na hospitali iko mbali, mgonjwa angoje?

Tuchukue mfano. Kijana wa miaka 22, mchimbaji wa dhahabu, analetwa ku kituo cha afya asubuhi. Tangu jana ana homa kali, kichwa kinamuuma, anatapika. Kipimo cha malaria kinaonyesha iko nayo. Wengi wangesimama hapo, wamupe dawa ya malaria na kumurudisha nyumbani. Lakini kwetu watu wengi wanatembea na malaria mu damu bila kuugua. Kipimo hicho hakisemi kama ugonjwa mwingine haupo. Muuguzi anajaribu kukunja shingo yake: shingo ni ngumu kama mti. Na kijana ameanza kuchanganya maneno.

Hospitali kuu iko saa nne ku pikipiki. Hapa jibu ni wazi: shindano ya kwanza ya seftriaksoni itolewe pale pale ku kituo, mbele ya safari. Kwa mtu mzima ni gramu 2 mu mshipa. Mshipa ukikosekana, inaweza kupigwa mu musuli. Shirika la Afya Duniani (OMS) linasema hivyo: kutoboa mgongo mbele ya dawa ni vizuri, lakini kama kutachelewa, dawa isingoje. Hata mu hospitali yenyewe kuko wagonjwa ambao mgongo wao hautobolewi mara moja: mwenye degedege isiyosimama, mwenye mboni za macho zisizolingana, mwenye kutoka damu ovyo. Nao pia wanapewa dawa kwanza.

Woga wa wengi ni huu: «Tukipiga dawa, labo haitaona kitu tena.» Ni kweli nusu. Labo inatafuta vitu vya namna mbili mu maji hayo.

Cha kwanza ni kijidudu chenyewe, kwa darubini ao kwa kukiotesha. Hicho kinapotea haraka. Meningokoke inaweza kukosa kuota saa mbili tu kisha shindano. Pnemokoke inakawia zaidi kidogo. Cha pili ni alama za vita ambayo mwili ulipigana: chembe nyeupe, sukari na protini. Hizo hazifutiki mara moja. Chembe zinabakia juu siku moja na zaidi, sukari na protini zinarudi polepole.

Turudi kwa kijana wetu. Anafika, anatobolewa mgongo, na karatasi ya labo inarudi hivi: maji ya mawingu, chembe nyeupe 1,400 kwa milimita moja ya ujazo, karibu zote za aina ya netrofili, protini miligramu 250 kwa desilita, sukari 25. Ku mstari wa vijidudu wameandika: «hakuna.»

Mtu akisoma mstari ule wa mwisho peke yake, atafikiri si meninjiti na kusimamisha dawa. Hiyo ndiyo hatari. Maji ya mtu muzima wa afya yanang'aa kama maji ya chemchemi, yana chembe zisizofika 5, protini chini ya 45. Chembe 1,400 za netrofili ni alama ya vijidudu vya usaha, hata kama vyenyewe havionekani tena. Dawa inaendelea. Na maji yaliyobaki yanatumwa kwa kipimo cha PCR, ambacho kinaweza kutambua kijidudu hata kikiwa kimekufa. Kama chembe zingekuwa mia chache, nyingi za aina ya limfosite, na sukari iko chini, daktari angefikiria kifua kikuu ao uyoga wa kriptokoke, zaidi kwa mtu mwenye virusi vya ukimwi.

Lakini sukari ina mtego wake. Haisomwi peke yake. Inalinganishwa na sukari ya damu ya saa ile ile. Ya mgongo inapashwa kufika karibu theluthi mbili za ile ya damu. Kijana wetu alikuwa na 100 mu damu na 25 mu mgongo, ni robo tu: mbaya. Sasa, kama njiani alitundikiwa serumu ya sukari, ya damu inapanda mbio, ya mgongo inabakia nyuma, na hesabu inadanganya. Ndiyo sababu tone la damu ya kidole linapimwa mbele ya serumu, na linaandikwa.

Kunabakia dekzametazoni. Kazi yake si kuua kijidudu. Antibiyotiki inapopasua vijidudu, vipande vyake vinachochea uvimbe, na uvimbe huo unaumiza ubongo na masikio. Kwa hiyo dekzametazoni inatolewa mbele kidogo ya shindano ya kwanza ya antibiyotiki ao pamoja nayo. Saa nyingi zikipita, faida inapotea. Utafiti wa Uholanzi uliotoka mwaka 2002 ulionyesha vifo vilishuka toka 15 hadi 7 kwa mia, na faida kubwa ilikuwa kwa wenye pnemokoke. Lakini Malawi, mwaka 2007, kwa watu wazima ambao karibu wote walikuwa na virusi vya ukimwi na walifika wamechelewa, haikupunguza vifo: zaidi ya nusu walikufa, waliopewa na wasiopewa.

Mafundisho ya Malawi na Banalia yanakutana. Kama dekzametazoni iko ku meza, itolewe pamoja na shindano ya kwanza. Kama haiko, kuitafuta hakupashwi kuchelewesha antibiyotiki hata dakika kumi.

Kwa hiyo ile karatasi ya kumutuma mgonjwa ina uzito kuliko wengi wanavyofikiri. Inapashwa kubeba mambo matatu: saa ambayo seftriaksoni ilipigwa na ni kiasi gani, sukari ya kidole mbele ya serumu, na kama dekzametazoni ilitolewa. Jamaa wanaosindikiza mgonjwa wanaweza kuuliza kama saa imeandikwa. Bila saa ile, daktari wa hospitali atasoma «hakuna» bila kujua kama kijidudu hakikuwako, ao kilikufa njiani.